Vifurushi vya mwezi vya kufua nguo: jinsi nilivyopata bei na idadi ya wateja

Kwa miaka miwili ya mwanzo, udobi wangu wa Sinza, Dar es Salaam, uliendeshwa kwa mteja anayeingia na mfuko wake, anayepimiwa na kulipa papo hapo. Kilo moja ya nguo kufuliwa na kupigwa pasi ilikuwa shilingi 2,500. Kulikuwa na wiki ambazo mashine mbili hazikupumzika, na kulikuwa na wiki ambazo wasichana wawili ninaowaajiri walikaa tangu asubuhi wakisubiri, ilhali mishahara yao na kodi ya fremu havikusubiri. Ndiyo maana nikaamua kuuza kifurushi cha mwezi.

Kifurushi cha kwanza nilikitunga vibaya. Nilitangaza kwamba kwa shilingi 45,000 mteja atafuliwa nguo zake zote kwa mwezi mzima, tena tutazifuata nyumbani. Wateja 20 walijiunga kwa muda mfupi, nami nikafurahi kwa kuwa nilitazama fedha iliyoingia bila kutazama mizigo iliyokuja nayo. Mwezi wa pili niliagiza kila mfuko upimwe na uzito uandikwe daftarini, hata kama mteja halipi kwa kilo. Mwisho wa mwezi, kijana mmoja anayeishi peke yake alikuwa ameleta kilo 14, na nyumba moja ya watu wengi ilikuwa imeleta kilo 47, yakiwemo mapazia na mablanketi. Nilipomweleza mama mwenye nyumba hiyo kwamba mapazia hayamo, alinijibu kwa upole: "Mwanangu, uliniambia vitu vyote vya kufua. Pazia halifuliwi?" Alikuwa na haki, kwa sababu mpaka ule sikuuweka mimi.

Hapo ndipo nilipokaa kuhesabu kilo moja inanigharimu kiasi gani, hesabu ambayo ilipaswa kutangulia tangazo. Kodi ya fremu ilikuwa 200,000 na mishahara ya watu wawili 360,000, jumla 560,000 kwa mwezi. Kwa kuwa tulikuwa tukifua kama kilo 900, kila kilo ilibeba takriban shilingi 620 za gharama hizo. Sabuni, maji, umeme wa mashine na wa pasi, pamoja na mifuko, viliongeza kama 450. Usafiri ulikuwa 400, nami nitaueleza zaidi hapa chini. Jumla ilikaribia 1,500. Kwa bei ya 45,000, basi, kila aliyevuka kilo 30 nilikuwa namfulia kwa hasara, na nyumba ile ya kilo 47 ilinigharimu kama shilingi 70,000. Kijana wa kilo 14 naye hakurudi mwezi uliofuata, maana aligundua kuwa kulipa kwa kilo kungemgharimu 35,000 tu. Kifurushi kisicho na mpaka kilikuwa kinanifukuzia wateja wepesi na kuniachia wazito.

Nilivunja mpango huo na kuweka vifurushi viwili tu: kilo 12 kwa shilingi 27,000 na kilo 20 kwa shilingi 44,000. Kilo inayozidi hulipiwa 2,500 kama kawaida. Mablanketi na mapazia yana bei yake kwa kila kimoja, kwa sababu tatizo la blanketi si uzito wake bali ni kamba za kuanikia linazozikalia siku nzima. Nguo hupimwa zikiwa kavu, mbele ya mteja, kwa mzani wa kuning'iniza, na uzito na idadi yake huandikwa kwenye karatasi mbili, moja ikabaki kwake. Kabla ya karatasi hizo, tulikuwa na ubishi karibu kila wiki: mteja anasema kilo nne, mzani wa dukani unasema tano na nusu.

Kuhusu usafiri, bodaboda aliyetumwa kwa nyumba moja alinidai 2,000 kwenda na kurudi. Nilipopanga siku kwa mtaa, Jumatatu Sinza Mori na Kijiweni, Jumanne Kijitonyama, Jumatano Mwenge, bodaboda yuleyule alipita nyumba sita kwa 6,000, yaani 1,000 kwa nyumba. Nguo hufuatwa mara moja kwa wiki na kurudishwa siku ya tatu. Kwa mteja anayetoa kilo tano, safari hizo mbili ndizo zinazofanya zile 400 kwa kilo. Anayetaka kufuatwa nje ya siku ya mtaa wake hulipia safari. Mwanzoni niliona aibu kulisema hilo, lakini siku ya mtaa ndiyo iliyoniwezesha kushusha bei ya kilo hadi 2,200.

Kilo ambazo hazikutumika nazo zilinifundisha. Kwanza niliziruhusu zihamie mwezi unaofuata bila kikomo. Desemba wengi walisafiri, na Januari walirudi na mabegi ya safari wakiwa wanadai kilo za miezi miwili kwa pamoja. Sasa zinahamia kilo tano tu, nazo hutumika ndani ya mwezi unaofuata.

Malipo hufanywa kabla ya mfuko wa kwanza kuchukuliwa, kwa Lipa Namba, kati ya tarehe 25 na 30, wengi wakiwa wamepata mshahara. Waliokuwa wakilipa mwisho wa huduma waligeuka wadeni wangu. Hata hivyo, fedha ya kulipwa mapema ina mtego wake. Mwaka wa kwanza wa vifurushi niliitumia yote kulipa kodi na kununua sabuni ya jumla, kisha beringi ya mashine moja ikafa katikati ya mwezi, na wateja wanne wakaomba warudishiwe wiki zilizobaki. Sikuwa na kitu cha kuwarudishia. Tangu hapo, shilingi 44,000 za mteja hukaa kando, nami hutoa 11,000 kila wiki baada ya nguo za wiki hiyo kurudishwa. Kabla ya hapo ni deni la kazi.

Nililochelewa kuelewa ni idadi ya vifurushi ninavyoweza kuuza. Mashine zangu mbili ni za kilo 10 kila moja, nazo hujazwa kilo nane ili nguo zitakate. Kwa mizunguko mitano kwa siku, zinafua kilo 80. Nikiamini hesabu hiyo, Februari moja niliuza vifurushi 58 vya kilo 20. Machi masika yakaanza. Sina mashine ya kukaushia, na chini ya paa langu la bati kamba zinakausha kilo 35 tu kwa siku ya mvua, sawa na kilo 910 kwa siku 26 za kazi. Wateja hawamalizi kilo zao, wastani wao ni 17, lakini hata hivyo 58 mara 17 ni kilo 986. Aprili nzima tulirudisha nguo siku ya tano na ya sita, nyingine zikinuka unyevu ikatubidi tuzifue upya, na wateja 13 hawakuendelea.

Sasa kikomo changu ni vifurushi 38 vya kilo 20, ambavyo kwa wastani ule ni kilo 646, na nafasi inayobaki ni ya vifurushi vichache vya kilo 12 na ya wanaolipa papo hapo. Vinaniingizia 1,672,000 kila mwezi, na gharama za kudumu nimekwisha kuzijua kabla mwezi haujaanza. Kiangazi mashine zina nafasi kubwa, nami naijaza kwa mapazia na mashuka ya nyumba za wageni bila kuwafunga kwa mwezi. Anayetaka kifurushi wakati nafasi 38 zimejaa huandikwa kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari, na hupigiwa simu mteja mmoja anapoacha.