Asilimia tano ya nani?

Neema kafanyiwa sendofu Jumamosi, mimi nimehama kutoka Majengo na vitu vingine bado viko kwenye maboksi, na hela ya zamu za usiku imeingia hatimaye. Lakini kilichonikalia kichwani wiki nzima ni majibu ya Dokta kwenye watsapu, sentensi mbili tu, nimezisoma kwenye daladala, nimezisoma foleni ya benki, jana nimezisoma tena nikiwa nasubiri slaidi zikauke.

Mnajua niko kwenye ile masta ya jioni na mnajua takwimu ndiyo somo ninalolipenda. Sasa wiki iliyopita tumepewa asainmenti, swali la nne linasema hivi: kipimo cha haraka cha malaria kina asilimia 5 ya majibu pozitivu ya uongo, katika kata moja asilimia 2 ya watu wana vimelea, mtu mmoja amechaguliwa bila mpangilio akapimwa, jibu likawa pozitivu, tafuta uwezekano kwamba kweli ana vimelea. Chukulia kipimo hakimkosi mgonjwa yeyote.

Nikalifanya haraka nikapata jibu, nikaenda kulala, nikashindwa kulala. Maana ile asilimia 5 ni asilimia 5 ya nani? Swali halijasema. Inaweza kuwa katika kila watu mia wasio na vimelea, watano watasomeka pozitivu. Au inaweza kuwa katika kila majibu mia yaliyotoka pozitivu, matano ni ya uongo. Ukisoma harakaharaka unaona ni kitu kilekile, lakini majibu yake yako mbali kabisa.

Kwenye grupu la darasa kila mtu alikuwa ana jibu lake na ana uhakika. Mmoja akasema usimsumbue Dokta, andika unachoelewa upite. Mimi nikaona hapana, nikijibu kwa maana moja na yeye ana nyingine nitakosa maksi kwa kitu ninachokijua, na pia nilikuwa nataka kweli kujua. Ila sikutaka kumwandikia "Dokta swali la 4 sijaelewa", kwa sababu mwalimu mwenye wanafunzi wengi akisoma hivyo atakwambia rudi kwenye notsi, na atakuwa na haki, hajui umekwama wapi. Nikakaa nikaiandika vizuri. Naiweka hapa kama ilivyokuwa:

"Shikamoo Dokta. Samahani kwa usumbufu. Swali la 4, maneno 'asilimia 5 ya majibu pozitivu ya uongo' nimeyaona yana maana mbili. Ya kwanza: 5 kati ya kila 100 wasio na vimelea. Kwa watu 1,000, wagonjwa ni 20 na wote wanakamatwa, wazima ni 980 na 49 kati yao wanatoka pozitivu, kwa hiyo jibu ni 20 kwa 69, kama asilimia 29. Ya pili: 5 kati ya kila 100 waliotoka pozitivu, na hapo jibu ni asilimia 95 moja kwa moja. Mimi naelekea ya kwanza kwa sababu kwenye ya pili ile asilimia 2 ya kata haina kazi yoyote. Ulikusudia ipi? Nisipopata jibu hadi Alhamisi nitatumia ya kwanza na nitaandika juu kabisa kwamba ndivyo nilivyosoma."

Ile hoja ya asilimia 2 kukosa kazi ndiyo nilijivunia, ingawa siyo ushahidi kamili. Kuna walimu wanaweka namba ya ziada makusudi waone kama utaibeba tu bila kufikiri. Ndiyo maana niliandika "naelekea" sikuandika "ni".

Tiki zikawa za bluu. Kimya. Jioni nzima kimya, nikaanza kuwaza labda pale mwisho nimemwekea Dokta dedilaini, mtu mzima yule, si adabu. Asubuhi kabla sijatoka nikakuta:

"Marahaba. Zote mbili zinasomeka. Zipige zote, halafu niambie ipi ungeitumia maabara kwako."

Basi. Sijui kama mtu ambaye hajasoma ukubwani, na kazi, na watoto, atanielewa nilivyojisikia. Hakusema soma tena swali. Hakusema wenzako mbona wameelewa. Amesema zinasomeka, yaani nilichokiona kipo. Na amekumbuka mimi ni mtu wa maabara, nilisema mara moja tu siku ya kujitambulisha. Nilitembea kutoka stendi hadi kazini nikicheka peke yangu.

Nikaenda kutafuta zaidi, nikakuta habari iliyonifurahisha zaidi. Mwaka 1978 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha majibu ya watu 60 wa hospitali za kufundishia za Harvard, wanafunzi wa udaktari na madaktari wenyewe, waliulizwa swali karibu sawa na letu: ugonjwa unampata mtu 1 kati ya 1,000, kipimo kina asilimia 5 ya pozitivu za uongo, aliyetoka pozitivu ana uwezekano gani wa kuumwa. Jibu lililotarajiwa lilikuwa kama asilimia 2, maana mgonjwa ni mmoja na wazima wanaotoka pozitivu ni kama 50. Walioipata walikuwa 11. Waliosema 95 walikuwa 27. Miaka yote watu wanaitaja habari hiyo kuonyesha madaktari hawajui hesabu, lakini mimi nikilisoma lile swali naliona lina tatizo letu lilelile, halijasema asilimia 5 ya nani, na tena halijasema kabisa kipimo kinawakamata wagonjwa wangapi, ambayo sisi angalau tumepewa. Baadaye, 1996, Cosmides na Tooby walilirudia wakihesabu watu badala ya asilimia na wakisema wazi ni watu gani, waliopatia wakaongezeka sana. Hao wa 95 kwangu siyo wajinga. Inawezekana wengine walisoma ile maana ya pili wakaijibu sawasawa.

Hapo nilikuwa na furaha bado. Halafu nikakaa nijibu sehemu ya pili ya Dokta, ipi ungeitumia maabara kwako, na furaha ikanitoka kidogokidogo.

Kwa sababu nilifanya kazi Tabora kabla sijaja huku Moshi, na vile vikiti vya kupimia malaria ni vilevile. Ukichukua maana ya kwanza, asilimia 5 inakaa kwa wazima, sasa ipeleke mahali ambapo watu 400 kati ya 1,000 wana vimelea. Wazima ni 600, pozitivu za uongo ni 30, kwa hiyo kati ya pozitivu 430 zote, 400 ni za kweli, asilimia 93. Ilete kata yenye asilimia 2, kikiti kilekile, mikono ileile, ni 29. Kule Tabora ukiona mstari wa pili kwenye kikiti, yaani pozitivu, ukaweka slaidi chini ya hadubini mara nyingi vimelea unavikuta. Huku naona mstari, natafuta kwenye slaidi mpaka macho yanauma, hamna. Nilikuwa nadhani ni stoo, joto, vikiti vimekaa vibaya. Na kweli joto linaharibu. Lakini hata kikiwa kizima kabisa hesabu yenyewe inasema huku pozitivu nyingi zitakuwa za uongo, kwa sababu wazima ni wengi mno. Kwa hiyo maana ya pili, ile ya "katika pozitivu mia, tano ni za uongo", huwezi kuiandika kwenye boksi la kikiti ukaisafirisha. Ni namba ya kikiti pamoja na mahali.

Na hata 29 siyo ya kwangu. Swali linasema mtu aliyechaguliwa bila mpangilio, na kwangu hakuna anayekuja bila mpangilio, wanakuja wana homa. Tuseme katika wenye homa mia, kumi wana vimelea: kwa 1,000 ni wagonjwa 100 na wazima 900, uongo 45, inakuwa 100 kwa 145, asilimia 69. Kwa hiyo nimemwandikia Dokta kwamba ningetumia maana ya kwanza, lakini asilimia 2 ningeibadilisha.

Kinachoniuma ni kwamba ile maana ya pili nimeisikia kazini, siyo kwenye asainmenti. Mwezi uliopita alikuja mzee mmoja, homa, kikiti pozitivu, slaidi negativu. Nikaenda mwenyewe kwa klinikal ofisa, kijana mzuri, anasikiliza, nikamwambia mzee huyu amemaliza dawa ya mseto wiki mbili nyuma, kile kikiti chetu kinakamata protini ya vimelea, na protini hiyo inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Akanijibu, "Dada, lakini hiki kinakosea tano kwa mia tu. Maana yake huyu tisini na tano kwa mia ni malaria." Nikasema lakini slaidi. Akasema slaidi pia inategemea mtu. Ambayo ni kweli, inategemea mtu, na wazungumzaji wawili tukiwa tumesimama mlangoni na foleni nyuma yetu hakuna aliyekuwa na muda wa kupiga hesabu ya watu elfu moja. Akampa mseto tena. Mzee akaondoka akinishukuru mimi.

Sasa kila nikisoma sentensi za Dokta naisikia na ile ya kijana, "tano kwa mia tu". Alikuwa anajibu swali ambalo maneno yake yanasomeka mara mbili, na hakujua yanasomeka mara mbili, na hakuna aliyemwandikia "Marahaba, zipige zote". Homa ya yule mzee ilikuwa ya nini? Kifua? Mkojo? Sijamwona tena. Kesho nina zamu ya mchana na yule kijana, nitaenda na ile karatasi ya watu elfu moja, nimeichora kwa vikundi, wagonjwa upande mmoja wazima upande mwingine, nimuulize anasoma asilimia tano ya nani.

Mama naye kapiga sasa hivi. Ng'ombe hali tangu jana jioni, na ana mimba ya miezi saba, daktari wa mifugo kasema hawezi kufika mpaka Jumatatu, na Beni simu yake haipatikani.