Nilivyozielewa klasi nne za dawa za mapigo ya moyo kwa henga mbili na vibanio vya nguo

Nianze na hasira kwanza. Kuna kaka mmoja ametutangulia chuoni alituambia hizi klasi nne za dawa za kurekebisha mapigo hazihitaji kuelewa, kariri tu so-be-po-ka, yaani sodiamu, beta, potasiamu, kalsiamu, moja mbili tatu nne, umemaliza. Nikakariri mpaka nikawa naimba bafuni, nikaingia wodini kifua mbele.

Raundi ya siku hiyo tukafika kwa mama wa miaka 30 na kitu, valvu ya maitro imebana kutokana na homa ya rumatiki aliyougua utotoni, amekaa wima kitandani maana akilala tu pumzi inakata. Isiiji, kile kipimo cha umeme wa moyo, haina mawimbi ya P, vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo, mapigo 148 na hayafuati mpangilio wowote. Daktari bingwa akanigeukia, "We unayetikisa kichwa, tumpe nini?" Nikajibu bila kupepesa, lidokeini dokta, klasi ya kwanza, inazuia sodiamu. "Inazuia wapi?" Hapo wimbo ukaishia. Nikajaribu kujiokoa, nikasema basi amlodipini, si inazuia kalsiamu, klasi ya nne hiyo. Jamani! Nesi aliyeshika trei aligeukia dirishani, mabega yanamtikisika. Bingwa hakucheka, alisema tu, "Hiyo inalegeza mishipa. Presha itashuka, moyo utakimbia zaidi kufidia, mapafu yatajaa maji wewe umesimama hapo hapo." Wakampa metoprololi kwa uangalifu pamoja na dawa ya kutoa maji, na kesho yake namkuta mapigo 90 na ushee, anakunywa uji. Mimi aibu bado haijanitoka.

Nilijaribu kwanza jedwali la kalamu za rangi, upuuzi mtupu, nikakariri rangi badala ya dawa. Ndo nikachukua henga ya waya kabatini, nikaikunja kwa koleo mpaka ikawa na umbo la mchoro wa umeme wa seli ya ventriko, chumba cha chini cha moyo, kama ilivyo kitabuni. Vibanio vya nguo dazeni sijui elfu mbili au elfu tatu, nikaandika kila kimoja jina la dawa kwa maka peni. Sheria yangu ilikuwa moja tu, kibanio kikae pale kwenye waya ambapo dawa inafanya kazi, la sivyo sijui dawa hiyo.

Ule waya unaanza umelala chini, kama -90 milivolti, hiyo ni fezi 4, hatua ambayo seli imetulia. Halafu unapanda wima kama ukuta, fezi 0, milango ya sodiamu imefunguka yote kwa mkupuo. Unashuka kidogo, fezi 1, kisha unatambaa juu kama meza, fezi 2, kalsiamu inaingia huku potasiamu inatoka, hakuna anayemshinda mwenzake. Mwisho unateremka, fezi 3, potasiamu imeshinda. Klasi ya kwanza nikaibana ukutani. Flekainaidi inaufanya ule ukuta uegemee, umeme unapita polepole. Klasi ya tatu nikaibana kwenye mteremko, na hapa raha ya waya ndo niliiona, maana ukizuia potasiamu isitoke unauvuta mteremko kwenda kulia kwa mkono wako mwenyewe, seli inachelewa kuwa tayari kupiga tena. Ndo maana QT, ule muda wa ventriko kupiga mpaka kutulia tena, inarefuka kwenye isiiji, na ndo maana ukiuvuta mno unamletea mgonjwa mapigo mengine mabaya zaidi ya yale uliyokuja kutibu. Kwinidini ikanisumbua, inazuia sodiamu na potasiamu pia, nikaiandikia vibanio viwili.

Nikakwama kwenye klasi ya pili. Vitabu vinasema beta bloka zinafanya kazi fezi 4, lakini fezi 4 yangu imelala chali, hakuna kinachotokea pale, sasa dawa inazuia nini? Karibu saa nzima nakizungusha kibanio cha propranololi. Rumeti wangu anasoma uhasibu, alikuwa anasuka nywele zake, akaniuliza bila hata kugeuka, "Kwani huo moyo unaanzaje kupiga kama waya wenyewe umelala hivyo?"

Nikamkodolea macho. Nikaenda kuchukua henga yake.

Waya wa pili ni wa nodi, SA inayoanzisha mapigo na AV inayoyapitisha kwenda ventriko. Huu unaanza juu kidogo, karibu -60, na fezi 4 yake hailali hata sekunde, inapanda mdogo mdogo yenyewe mpaka inafika kizingiti inapiga. Fezi 0 yake siyo ukuta, ni mlima, kwa sababu huku mlango mkuu ni wa kalsiamu na kalsiamu haina haraka. Meza hakuna. Basi propranololi na metoprololi zikapata pa kukaa, zinakata makali ya adrenalini, ule mwinuko wa fezi 4 unalala zaidi. Verapamili na diltiazemu zikakaa kwenye mlima wa fezi 0. Amlodipini nikaitupa nje kabisa, inazuia kalsiamu kweli ila inapenda mishipa ya damu, nodi haina habari nayo, haimo klasi ya nne hata kidogo. Hakuna aliyewahi kuniambia hilo kabla ya kuaibika!

Sasa yule mama akaeleweka. Vyumba vyake vya juu vinatetemeka, nodi ya SA haina usemi tena, geti pekee kati ya fujo ya juu na ventriko ni nodi ya AV, yaani waya wa pili. Ukiichelewesha nodi, mapigo machache yanashuka, ventriko inapata muda wa kujaa kupitia valvu iliyobana. Lidokeini haigusi waya huo. Na hata kwenye misuli ya vyumba vya juu haifai kitu, kwa sababu inashika mlango wa sodiamu vizuri wakati seli iko pale mezani, fezi 2, na meza ya eitria, yaani hivyo vyumba vya juu, ni fupi, haipati muda wa kushika. Ventriko ina meza ndefu, ndo maana huko inafanya kazi.

Amiodaroni ilinimalizia vibanio. Wameiweka klasi ya tatu ila inagusa zote nne, nikabana kila mahali mpaka rumeti akauliza kama hiyo ni dawa au ni mwenyekiti wa mtaa. Digoksini na adenosini zikabaki kwenye bakuli, hazina klasi. Ndo ujue mpangilio wenyewe wa hizi klasi, wa mtafiti Vaughan Williams, wa 1970, klasi ya nne ikaongezwa 1972, haukukusudiwa kuwa orodha ya nani apewe nini. Mwaka 1989 Marekani flekainaidi iligundulika inaongeza vifo kwa waliotoka kwenye shambulio la moyo, wakati kwenye isiiji ilikuwa inafuta mapigo ya ziada vizuri tu. Ukuta ukiegemea kwenye msuli wenye kovu, umeme unapata njia ya kuzunguka.

Kwenye mtihani wa mdomo niliulizwa kwa nini verapamili ya mshipani haichanganywi na beta bloka. Nikafumba macho nikauona waya wa pili, mwinuko umelazwa na mlima umekatwa, umeme utapita wapi? Nikajibu bila so-be-po-ka. Nikatoka nimepita.

Nimerudi hosteli nikakuta rumeti amechukua henga yake akainyoosha, sketi yake inaning'inia dirishani, imebanwa na amiodaroni mbili.