Dripu ambayo hakuna aliyeiuliza

Jumatano usiku, Nairobi

Mgonjwa wangu wa mwisho leo alikuwa mama wa miaka sitini na kitu, ameletwa na dada yake mkubwa kutoka Umoja. Gego lake la chini, upande wa kushoto, liling'olewa mwezi wa Machi katika kliniki moja ya mjini. Sasa ni Julai na shimo halijafunga. Katikati ya fizi iliyovimba kuna mfupa ulio wazi, wa rangi ya manjano iliyofifia, upana wake kama wa harage, na ukiugusa kwa kifaa unakwaruza. Nilipobonyeza fizi pembeni, usaha ulitoka.

Amekuwa akizunguka na tatizo hili muda wote huo. Mara ya kwanza aliambiwa ni shimo kavu, akapewa dawa ya maumivu. Baadaye akapewa antibiotiki, uvimbe ukapungua, dawa ikaisha, uvimbe ukarudi. Akapewa nyingine, mambo yakawa yale yale. Shimo kavu ni kitu halisi na linauma vibaya, lakini lina ratiba yake: maumivu huanza siku chache tu baada ya kung'oa, na kwa kawaida wiki mbili hazipiti kabla hayajatulia. Haliwezi kuanza Machi likafika Julai.

Nikamuuliza anatumia dawa gani. Akataja vidonge vya presha. Nikamuuliza kama kuna sindano yoyote, au dripu, au dawa anayopewa hospitalini bila kwenda nayo nyumbani. Akanyamaza kidogo, dadake ndiye aliyejibu: "Si kuna ile ya mifupa, daktari? Ile anatundikiwa kila mwezi."

Mama ana saratani ya matiti iliyofika kwenye uti wa mgongo. Kwa karibu miaka miwili amekuwa akipewa asidi ya zoledroni, miligramu 4 kwa dripu kila baada ya wiki nne, ili mifupa isivunjike na maumivu ya mgongo yapungue. Dawa imemfaa. Anatembea, na mgongo unamruhusu kulala. Kwake dawa ni kile kinachokaa kwenye pakiti nyumbani. Dripu ni shughuli ya hospitali. Hakumficha mtu. Aliulizwa dawa anazomeza, akajibu anazomeza.

Tangu alipoondoka nafikiria jinsi swali letu lilivyo dogo kuliko kitu tunachotafuta.

Mfupa wa mtu mzima haujakaa tu kama jiwe. Kuna seli zinazokula mfupa uliochakaa, na nyingine zinazofuata nyuma kujenga mpya. Dawa za kundi hili, asidi ya zoledroni na alendronati miongoni mwao, huzizima zile seli za kula. Kwa mgongo wenye saratani au nyonga iliyopungua uzito, hiyo ndiyo nafuu yenyewe. Lakini taya ni mahali pa shida. Mfupa wake hujirekebisha haraka kuliko mifupa mingi, umefunikwa na ngozi nyembamba tu ya fizi, na meno yanautoboa ndani ya mdomo uliojaa bakteria. Ukiling'oa jino, kuta za shimo zinahitaji kuliwa kidogo na kusawazishwa kabla mpya haujajengwa. Wabomoaji wakiwa wamefungwa mikono, fundi hana pa kuanzia. Mfupa unakaa wazi, bakteria wanaingia, na sehemu yake inakufa. Taya la chini ndilo linaloumia zaidi.

Ugonjwa wenyewe, kufa kwa mfupa wa taya kutokana na dawa, si wa zamani katika vitabu vyetu. Ni mwaka 2003 ambapo Robert Marx, daktari wa upasuaji wa mdomo huko Miami, aliripoti wagonjwa 36 waliotumia dawa hizi wakapata mfupa wazi usiopona. Aliyesomea meno kabla ya hapo hakufundishwa jambo hili darasani.

Sikumwambia mama jina la ugonjwa kabla ya kumaliza kuchunguza. Kuna mambo matatu ya kutimia: awe ametumia dawa ya aina hii, sasa au zamani, mfupa uwe wazi, au ufikike kwa kifaa kupitia tundu kwenye fizi au ngozi, kwa zaidi ya wiki nane, na taya liwe halijawahi kupigwa mionzi wala kuingiliwa na saratani yenyewe. Mionzi hakupigwa kichwani wala shingoni. Kuhusu saratani kufika tayani sikutaka kubahatisha, na hiyo ni sababu mojawapo ya kumpeleka kwa daktari wa upasuaji wa taya. Kwenye eksirei, shimo la Machi bado lilionekana wazi kana kwamba jino limetoka juzi, ilhali kwa miezi hii lingekuwa limeanza kufifia kwa mfupa mpya. Nilimuuliza pia kama mdomo wa chini au kidevu kina ganzi. Hapana. Nilifurahi, kwa sababu ganzi hiyo huonyesha kwamba mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya umeguswa, ama na ugonjwa huu ama na saratani.

Kuna jambo moja nataka niliandike kwa haki ya aliyeng'oa. Jino lile lilikuwa linacheza na lina usaha tangu Januari. Fizi mbovu peke yake inaweza kuanzisha ugonjwa huu, na inawezekana kabisa mfupa ulikuwa umeshaanza kufa kabla koleo halijagusa jino. Kung'oa huweza kuufichua tu. Ndiyo maana sipendi kusikia watu wakiambiana kwamba mgonjwa wa dripu asikanyage kwa daktari wa meno. Jino bovu likiachwa humo linafanya kazi ile ile, polepole.

Tulichofanya leo ni kidogo. Nililainisha ncha moja ya mfupa iliyokuwa inachoma ulimi, nikamwandikia antibiotiki na dawa ya kusukutua ya klorheksidini ya asilimia 0.12, na barua ya rufaa. Daktari wa upasuaji ataamua kama watasubiri kipande kilichokufa kijitenge chenyewe au wataukata hadi kwenye mfupa unaotoa damu. Mama aliuliza kama akiacha dripu sasa hivi shimo litafunga. Nilimwambia ukweli: dawa hii hujificha ndani ya mfupa kwa miaka, na kuacha leo hakuitoi. Kusitisha kwa muda ni mazungumzo na daktari wake wa saratani, ambaye anajua mgongo wake. Nimempigia tayari.

Jino lililo mbele ya shimo limeoza hadi kwenye neva. Hilo sitaling'oa. Nitatibu mzizi, na hata kama kichwa cha jino hakitaokoka, nitakikata usawa wa fizi na kuacha mizizi iliyozibwa mahali pake. Mzizi mfu uliozibwa vizuri unaweza kukaa kimya miaka mingi. Shimo jipya kwenye taya hili sijui lingeishia wapi.

Kisha dadake, ambaye alikuwa amekaa kimya akisikiliza kila neno, akasema: "Basi na mimi leo naacha yangu."

Yeye anameza alendronati ya miligramu 70, mara moja kwa wiki, mwaka wa tatu sasa, tangu alipovunjika kifundo cha mkono kwa kuteleza tu bafuni. Na yeye pia ana kisiki cha jino kinachotakiwa kutoka. Muda mwingi wa leo ulienda kwake kuliko kwa mgonjwa, na sioni vibaya. Hofu yake ingeweza kumvunja nyonga.

Dawa ni za ukoo mmoja, lakini hali zao haziko karibu. Mdogo wake anapata dozi ya saratani, moja kwa moja kwenye mshipa, kila mwezi. Kwa wagonjwa wa namna hiyo wanaong'olewa jino, chama cha Marekani cha madaktari wa upasuaji wa mdomo na taya kiliandika mwaka 2022 kwamba makadirio ya kupata ugonjwa huu yanaanzia asilimia 1.6 hadi 14.8. Kwa wanaotumia vidonge kwa udhaifu wa mifupa, makadirio baada ya kung'oa jino hayazidi asilimia 0.15. Nilimwambia hivi: watu elfu moja kama wewe wakija kung'olewa, tunategemea mmoja au wawili kwa wingi, na pengine hakuna. Yangekuwa mengine kama angekuwa anatumia steroidi kwa muda mrefu, au amemeza vidonge hivi miaka mingi zaidi. Hapo ningekuwa mwangalifu zaidi. Sukari isiyodhibitiwa na sigara nazo haziisaidii fizi kupona. Yeye hana lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo haachi dawa, na kisiki kitatoka hapa hapa. Kwanza nitamsafisha meno na fizi zitulie. Nitang'oa bila kulazimisha mfupa, nitalainisha kingo, nitashona fizi zikutane. Atasukutua kwa klorheksidini na kurudi nimwone, si mara moja ya kutoa nyuzi tu, bali mpaka fizi ifunike shimo lote. Wiki nane zikipita na bado naona mfupa, sitaandika antibiotiki nyingine na kumrudisha nyumbani.

Kabla ya kufunga kliniki nilibadilisha fomu yetu ya wagonjwa wapya. Palipoandikwa "dawa unazotumia" nimeongeza mstari: umewahi kuchomwa sindano au kutundikiwa dripu ya mifupa au ya saratani, hata kama ni miaka iliyopita? Maneno ya mwisho ni kwa ajili ya zoledroni inayobaki mwilini. Sindano ni kwa ajili ya denosumabu, inayochomwa chini ya ngozi kila miezi sita kwa udhaifu wa mifupa, ambayo mtu husahau kirahisi zaidi. Hiyo haijifichi mfupani, nguvu yake huisha, na hatari yake iko upande wa pili: mgonjwa akiahirisha sindano kwa ajili ya jino, pingili za mgongo zinaweza kuvunjika kadhaa kwa mpigo. Kama jino linaweza kusubiri, napendelea kung'oa mwezi wa tatu au wa nne baada ya sindano, ili shimo lipate wiki kadhaa za kupona kabla ya sindano inayofuata, nayo ichomwe kwa wakati wake.

Kwenye simu, daktari wa saratani aliniuliza kama ninaweza kuwaona wagonjwa wake wapya kabla ya dripu ya kwanza. Nilimwambia awalete mapema, maana nikikuta jino la kung'oa nahitaji wiki nne hadi sita za kupona kabla hajaanza, ikiwa saratani inaruhusu kusubiri. Wawili wanakuja Ijumaa.