Fomu ya madai iliyopigwa picha, na alama ya /= iliyonisumbua

Ofisi yetu ni ya udalali wa bima, ipo Posta. Madai mengi ya magari yanatufikia kwa WhatsApp: mteja anajaza fomu kwa kalamu, anaipiga picha akiwa gereji au nyumbani, anatuma. Dada wa mapokezi alikuwa akiiandika upya kwenye kompyuta: namba ya bima, tarehe ya tukio, maelezo, kiasi kinachodaiwa. Siku zenye mvua kubwa, magari yakigongana kila kona, fomu zilimlalia mezani mpaka jioni. Nikamwambia nitamtengenezea programu ya kusoma picha. Nilidhani kazi itakuwa kwenye kusoma mwandiko wa maelezo, kumbe kilichonitoa jasho ni kiasi cha fedha.

Nianze na picha yenyewe, maana ikiwa mbovu hakuna kitakachofuata. Picha za WhatsApp zilikuwa zikinifikia na urefu wa pikseli 1600. Karatasi ya A4 ina urefu wa karibu inchi 11.7, kwa hiyo kila inchi inapata pikseli 137 tu, wakati Tesseract, programu ya bure niliyoitumia, inataka kama 300. Tukawaomba wateja watume fomu kama faili badala ya picha ya kawaida, na hapo herufi zikaacha kuungana. Pia tuliichapisha fomu yetu upya, ikiwa na miraba minne myeusi kwenye pembe. OpenCV, maktaba ya kuchakata picha, inaitafuta miraba hiyo, inanyoosha karatasi iliyopigwa kwa upande, na kuiweka kwenye ukubwa wa pikseli 2480 kwa 3508. Baada ya hapo, mahali pa kila jibu ni palepale kwa kila fomu, nami nakata kipande ninachokihitaji. Miraba ikionekana mitatu tu, programu inakataa na tunaomba picha nyingine.

Tesseract imefunzwa kwa maandishi ya chapa, na mwandiko wa mkono unaivuruga vibaya. Niliitumia kuhakikisha tu kwamba vichwa vya sehemu vipo mahali pake. Kwa tarakimu nilifunza modeli ndogo kwa kutumia fomu zetu za zamani, nikikata tarakimu moja moja na kuiandikia jina lake. Yote inaendeshwa kwenye kompyuta ya ofisi, kwa sababu fomu hizi zina majina na simu za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu.

Namba ya bima haikunichelewesha. Imo kwenye vikasha, tarakimu moja kwa kikasha, na ninailinganisha na daftari letu pamoja na namba ya gari. Vyote viwili visipoelekea kwa mteja mmoja, fomu inarudi kwa mtu.

Sasa kiasi. Mteja mmoja aligongwa mataa ya Buguruni, akadai gharama ya bampa na taa. Fomu yake ilisema 450000/= na programu ikasoma 4500001. Mkwaju wa mwisho, kwa mkono wa mtu mwenye haraka, ni 1 kabisa. Kwa wengine unakuwa 7. Dai la laki nne na nusu likawa milioni nne na nusu na shilingi moja. Ile shilingi moja ya mwishoni ndiyo iliyonishtua, maana hakuna fundi anayetoa makisio yanayoishia hivyo.

Kwanza nilijaribu kutumia koma: baada ya kila koma lazima ziwe tarakimu tatu, kwa hiyo 450,0001 ni kosa linaloonekana wazi. Lakini watu wengi hawaweki koma. Nikajaribu kufuta 1 au 7 yoyote ya mwisho, nikaona kesho yake nitafuta tarakimu halali. Nikagundua kwamba jibu liko kwenye fomu yenyewe, mstari wa chini, penye "kwa maneno". Mtu akikosea tarakimu, ni nadra akosee na maneno kwa namna ileile.

Tukagawana kazi. Dada anasoma kipande cha picha chenye maelezo na kiasi kwa maneno, anaviandika bila kuonyeshwa tarakimu zilizosomwa na programu. Hilo la kutoonyeshwa ni muhimu, kwa sababu tulipomwonyesha, jicho lake lilikubali kile kilichokwisha andikwa. Kisha maneno yanageuzwa kuwa namba:

```python
VITENGO = {"milioni": 1_000_000, "laki": 100_000,
           "elfu": 1_000, "mia": 100}

def thamani(maneno):
    jumla, kitengo = 0, 1
    for m in maneno.lower().split():
        if m in VITENGO:
            kitengo = VITENGO[m]
        elif m == "nusu":
            jumla += kitengo // 2
        elif m in NAMBA:
            jumla += NAMBA[m] * kitengo
        elif m not in ("na", "shilingi", "tu"):
            raise ValueError(m)
    return jumla
```

`NAMBA` ni orodha ya moja hadi tisa, kumi, ishirini na kuendelea hadi tisini. "Laki nne na nusu" inatoa 450000, kwa kuwa nusu ni ya kile kitengo kilichotangulia. "Milioni moja laki mbili na elfu themanini na tano" inatoa 1285000. Neno lisilojulikana linasimamisha kazi, maana likirukwa kimyakimya kiasi kitapungua na hakuna atakayejua. Udhaifu wake nimeuona kwa wanaoandika kama benki: "elfu mia nne na hamsini" ilitoa 5400. Haikutudhuru, kwani haikulingana na tarakimu, na chochote kisicholingana kinaenda kwa mtu.

Tarehe ilikuwa na mtego wake. Fomu ina tarehe tatu: ya tukio, ya kuripoti polisi na ya kutia saini. Programu inahakikisha tukio halijapita tarehe ya saini na limo ndani ya muda wa bima. Nilitaka kuongeza kanuni moja: maelezo yakisema "saa saba usiku", tarehe isogezwe siku moja mbele, kwa sababu wengi wetu tunauhesabu usiku pamoja na mchana uliopita. Ikaja fomu ya mzee mmoja, tukio tarehe 14, saa saba usiku, na bima yake ilikuwa inaisha tarehe hiyohiyo 14. Kwa kanuni yangu, tukio lingekuwa la tarehe 15 na dai lingekataliwa.

Nikampigia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Ile ajali, ilikuwa usiku wa kuamkia tarehe 14, au wa kuamkia 15?"

"Kuamkia 14. Asubuhi yake ndiyo nikaenda polisi."

Ripoti ya polisi ilikuwa na tarehe 14, asubuhi. Niliifuta ile kanuni siku hiyo. Sasa tarehe inabaki kama mteja alivyoiandika, na tukio lolote la kati ya saa sita usiku na saa kumi na moja alfajiri linawekewa alama ya kupigiwa simu kabla faili halijaenda kwa kampuni ya bima.