Taa za dharura kanisani: kitufe kinasema nzima, breka inasema hapana

Wiki hii tumeingia ndani ya kanisa lenyewe. Kwa anayeanza kusoma hapa: ni kanisa la usharika wetu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, jengo refu la mita 28 kutoka madhabahuni hadi mlango mkuu, na lina mlango mwingine mmoja ubavuni. Taa za dharura zilikuwepo tayari, zile za macho mawili, zilifungwa miaka ya nyuma na fundi mwingine. Kabla ya kununua chochote nilitaka kujua kama zinafaa.

Mzee wa ujenzi hakuwa na wasiwasi. Alipanda ngazi, akabonyeza kitufe cha kujaribia, taa ikawaka. "Unaona, fundi? Nzima hizi." Nikamwomba tusubiri giza liingie, kisha nikaenda kwenye ubao wa umeme nikashusha breka moja tu, ya taa za ukumbini. Kanisa likawa giza totoro, na taa za dharura hazikuwaka hata moja. Kitaa kidogo cha kijani kinachoonyesha kwamba betri inachajiwa kiliendelea kung'aa kama kawaida.

Zilikuwa zimeungwa kwenye saketi ya soketi. Kitufe kile kinapima betri na balbu basi, hakiwezi kukuambia taa inalinda saketi gani. TANESCO wakikata, kila kitu kinazimika na zitawaka vizuri. Lakini usiku wa mkesha taa moja ya darini ikipiga shoti, breka ya taa inashuka peke yake. Soketi za vipaza sauti bado zina umeme, kwa hiyo taa ya dharura inaona mambo ni shwari na watu wako gizani. Jenereta nayo haitasaidia, maana umeme wa TANESCO bado upo.

Dawa yake ni kila taa ya dharura ichukue umeme kwenye saketi ya taa za eneo lake, ila kabla ya swichi. Ukichukua baada ya swichi, mlinzi akizima taa usiku, taa ya dharura inadhani umeme umekatika. Itawaka mpaka betri iishe, na ibada ya asubuhi itaanza ikiwa haina kitu. Nilizima meni swichi, nikafungua boksi la maungio darini, ambako laivu isiyopita kwenye swichi na nyutro yake zote zipo. Kwenye boksi la swichi nyutro mara nyingi haifiki, na hapo ndipo watu hushawishika kuazima nyutro ya saketi nyingine. Usifanye hivyo.

Tulirudia kushusha breka ile ile: zikawaka papo hapo. Tukaziacha zimalize saa 3, ambazo ndizo zimeandikwa kwenye taa zenyewe. Mbili za upande wa kwaya zilififia kabla hata ya saa ya kwanza. Betri zimechoka, nimeagiza nyingine. Jaribio hili tulilifanya Jumapili jioni kwa makusudi, kwa sababu betri ikiisha inahitaji saa 24 kujaa tena. Ukilifanya Jumamosi, waumini watasali kesho yake bila ulinzi.

Vibao vya kutokea sasa. Kwa kibao chenye taa ndani, kimo cha alama ukikizidisha mara 200 unapata umbali ambao mtu bado anaiona vizuri. Dukani walikuwa na cha sentimita 10, yaani mita 20, na kwetu aliyeko madhabahuni yuko mita 28 toka mlangoni. Nimechukua cha sentimita 15, kinachofika mita 30. Hiki kinawaka muda wote watu wakiwa ndani, hakisubiri umeme ukatike. Mapambo ya harusi ndiyo adui yake mkubwa; nimeiomba kamati ya mapambo isipitishe kitambaa juu ya milango.

Kibao cha mahali pa kukusanyikia kilileta ubishi. Wazee walitaka mwembe wa getini, kwa sababu una kivuli na kila mtu anaujua. Lakini gari la Zimamoto litaingia kwa geti hilo hilo, na watu mia kadhaa watakuwa wamesimama njiani. Tumekubaliana uwanja wa watoto wa Sunday School, ng'ambo ya jengo, ambako mtu wa mlango wa ubavuni anafika bila kupita tena mbele ya kanisa. Kibao ni cha kijani, watu weupe katikati na mishale minne ikiwaelekea kutoka pembeni, na chini nimeandika namba ya Zimamoto, 114.

Kilichobaki ni taa moja nje ya mlango wa ubavuni. Kuna ngazi tatu pale, na kwa sasa ukitoka usiku unazikanyaga kwa kubahatisha. Nasubiri taa isiyoingiza maji.