Siku moja maishani mwangu: doa la limau kwenye karatasi

Majirani wa Bagira, hapa Bukavu, wananiita mama wa dawa ya kifua, kwa sababu asubuhi harufu ya mkalitusi inawafikia kabla hawajaona moshi wa jiko langu. Lakini mimi si mtu wa dawa. Natoa mafuta ya kunukia: majani nayakeneka kwa mvuke kwenye alambiki, chombo changu cha kukenekea, na maganda ya malimau nayakamua bila moto. Watu hudhani ni kazi moja yenye majina mawili. Wacha niwasimulie Jumanne iliyopita.

Saa 11 alfajiri. Mdogo wangu anawasha moto chini ya pipa la maji, mimi napakia kilo 40 za majani ya mkalitusi. Yametoka Kabare, kwa watu wanaokata miti ya nguzo na makala na kuacha majani yaoze. Ukiyatupia tu ndani ya sufuria, mvuke hupenya pale palipo wazi na kuacha kwingine. Mafuta yatapungua na hutajua sababu hadi ufungue: upande mmoja majani yameiva yakawa ya kahawia, upande mwingine bado mabichi. Ndiyo maana tunayapanga safu kwa safu na kuyakandamiza kwa mikono, pembeni kuliko katikati.

Saa 1 na nusu, matone ya kwanza. Huwa nasimama kuyatazama, hata baada ya miaka sita. Mafuta ya mkalitusi yakiwa peke yake hayachemki mpaka yapite nyuzi 170. Ila yakiwa pamoja na maji, kila kimoja kinasukuma kwa nguvu yake, na nguvu zao zikijumlishwa vinapanda pamoja kabla hata maji hayajafika kiwango chake cha kuchemka. Na hapa Bukavu, kwa sababu tuko juu, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mvuke unapita kwenye bomba lililosokotwa ndani ya pipa la maji baridi, unarudi kuwa maji, na kwenye chupa ya kupokelea mafuta yanaelea juu. Naweka kiganja kwenye mdomo wa bomba kila mara. Likiwa la moto, maji ya kupozea yamechoka, na mafuta yanaondoka na hewa.

Kuchota maji, kubadilisha maji, kuchochea moto, hadi saa 4.

Saa 4 akaingia mama mmoja mteja wangu, anayetengeneza sabuni na mafuta ya kujipaka. Hakukaa. Alitoa chupa ya mafuta ya limau niliyomuuzia na kipande cha karatasi.

“Mwanangu, umenichanganyia mafuta ya kupikia.”

Alikuwa ametumia kipimo ambacho mimi mwenyewe nilimfundisha: tone la mafuta ya kunukia juu ya karatasi hukauka na kuondoka, lakini mafuta ya kupikia huacha doa. Tone la mkalitusi lilikuwa limetoweka kabisa. Tone la limau liliacha duara hafifu la manjano. Na chini ya chupa kulikuwa na tope jeupe.

Niliumia. Malimau 300 yaliyozungushwa kwa mkono juu ya bakuli la miiba ya shaba, mpaka vifuko vidogo vya mafuta kwenye ganda vipasuke, yakinipa mililita 80 nashukuru Mungu. Halafu niyaharibu kwa mafuta ya kupikia?

“Mama, keti. Tutapima.”

Nilimweleza wakati naandaa. Mvuke hubeba tu vitu vyepesi vinavyoweza kuruka. Unapokamua, hakuna kinachobaki nyuma: ile nta inayolifanya ganda la limau ling’ae, rangi yake ya manjano, na vitu vizito vingine, vyote huingia kwenye chupa. Lile doa linatokana na vitu hivyo. Tope ni ile nta. Kwa kawaida nayaacha mafuta kwenye friji siku kadhaa, nta inaganda na kuzama, kisha nachuja. Mwezi ule umeme ulikatika siku tisa, na mimi nikauza bila kumwambia kwamba hayakupoa vya kutosha. Kosa hilo ni langu, nikamwomba radhi.

Nikaazima mizani kwa jirani anayenunua dhahabu. Kisahani cha kwanza: gramu 5 za mafuta yake ya limau. Cha pili: gramu 4.5 za mafuta hayohayo na nusu gramu ya mafuta ya kupikia, ili aone uongo unafananaje. Vyote juu ya sufuria ya maji yaliyochemka, uani, mbali na jiko, maana mvuke wa limau hushika moto upesi. Tulisubiri kwa muda wa saa nne nzima. Maji yakipoa kidogo, nayamwaga na kuleta mengine kutoka kwenye pipa. Mvua ikaja, tukahamisha kila kitu chini ya bati. Mama hakuondoka. Kila dakika kumi: “Bado?” Bado, mama. Mkalitusi nao ulidai moto, mdogo wangu akaenda kutafuta makala makavu, na sikukumbuka kula.

Katikati ya hayo kijana mmoja alileta mfuko wa maua ya yasmini niyakeneke. Nilimrudisha. Waridi linavumilia mvuke, yasmini hapana, harufu yake inaharibika kwa joto na mafuta yenyewe ni kidogo mno.

Sijui ilikuwa saa ngapi hasa tulipopima, labda saa 9. Kisahani cha kwanza kilibaki na gramu 0.12, utando mwembamba unaonata kama nta. Cha pili gramu 0.61, mafuta mazito yanayoteleza kidoleni. Mama akagusa vyote viwili, akanusa, akagusa tena. Akanyamaza.

Ndipo nikamuuliza anayatia wapi. Akasema kwenye mafuta ya kujipaka, kwa wanawake wanaouza sokoni Kadutu. Moyo ulishtuka. Katika vile vitu vizito vya ganda la limau kuna furanokumarini. Ikikaa kwenye ngozi kisha jua likaipiga, ngozi inaungua, inatoa malengelenge na baadaye madoa meusi. Wanawake wale wanakaa juani kutwa.

“Kwenye sabuni sawa, inaoshwa. Kwenye mafuta ya kujipaka, usitie haya.”

Nikamletea chupa nyingine. Maganda yaliyokwisha kukamuliwa huwa nayakeneka, kwa sababu bado yana mafuta ndani. Haya hayana rangi, hayaachi doa, na furanokumarini haipandi na mvuke. Alinusa, akakunja uso: “Hii ni limau lililopikwa.” Ni kweli. Joto na uchachu wa limau hubadilisha sitrali, ambayo ndiyo inayotoa ule ukali wa ganda bichi, na hakuna ninachoweza kufanya kuirudisha. Alitaka harufu ya chupa ya kwanza pamoja na usalama wa chupa ya pili, tukabishana hadi sauti ikanikauka. Mwisho alichukua iliyokenekwa kwa ajili ya kujipaka, na ile ya kukamua nikaichuja tope mbele yake, akasema itaenda kwenye sabuni.

Giza lilikuwa limeshaingia tulipofungua alambiki. Mililita 380. Karibu na ukuta kulikuwa na kiganja kimoja cha majani mabichi, hapo sikukandamiza vizuri. Mdogo wangu alipika ugali na sambaza, nikala nimesimama, huku nikiandika kwenye kila chupa ya limau: *kwa sabuni tu, si kwa ngozi inayokaa juani*. Zilikuwa 14.