Nilivyoandika Ufunguzi wa Webina kwa Watu Wanaosikiliza Huku Wakifanya Mengine

Sisi ni kikundi cha watu tunaofanyia kazi nyumbani, wengi tukiwa Kisumu na Nakuru, wachache Kakamega na Busia. Kikundi kiliponiomba niongoze webina kuhusu namna ya kumaliza kazi ukiwa nyumbani, niliwauliza kwanza: mtakuwa mnafanya nini mkinisikiliza? Majibu yalifurika. Mmoja atakuwa anakunja nguo. Mhasibu wa Milimani atakuwa anajibu barua pepe za wateja. Mama mmoja wa Mamboleo alisema saa moja jioni huwa anasonga ugali, kwa hivyo simu itakaa juu ya kabati la vyombo na yeye atanisikia tu.

Jibu hilo la mama wa Mamboleo ndilo lililoamua kila kitu. Dakika 2 za kwanza ilibidi ziandikwe kwa ajili ya sikio. Nilijisomea kwa sauti nikitazama saa ya simu, nikaona kwamba nikisema kwa utulivu natumia takriban maneno 110 kwa dakika. Basi ufunguzi wote haukupaswa kuzidi maneno 220. Salamu ndefu na maelezo yangu binafsi niliyaondoa. Slaidi niliacha moja tu, yenye kichwa, na sikuitaja popote. Ukisema "kama mnavyoona hapa", aliye jikoni umemwacha.

Sikutaka kuwaambia waache wanachofanya, kwa sababu si kila kazi inagombana na kusikiliza. Kukunja nguo ni kazi ya mikono iliyozoeleka, nayo inaacha nafasi ya maneno. Kujibu barua pepe ni kazi ya maneno, na kusikiliza pia ni kazi ya maneno, kwa hivyo akili inalazimika kuruka kutoka huku kwenda kule. Mruko huo una gharama. Mwaka 2001 watafiti Rubinstein, Meyer na Evans walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba watu wanaobadilishana kazi hupoteza muda kila wanapobadili, na hasara huzidi kanuni za kazi zinapokuwa tata zaidi. Kwa hivyo sentensi zangu za kwanza zikawa hizi:

"Habari za jioni. Ikiwa mikono yako tu ndiyo yenye kazi, endelea, tuko pamoja. Ikiwa unasoma au unaandika kitu kingine, kiache kwa dakika 2 tu, kwa sababu nataka tufanye jaribio la mdomo."

Jaribio lenyewe ndilo lililonichukua muda mrefu kulitengeneza. Nilitaka msikilizaji auhisi mruko ule ndani ya kichwa chake, bila kalamu na bila skrini. Watu wengi hulifanya kwa kuchanganya namba na herufi. Nilifikiria kuchanganya namba na siku za wiki, lakini siku zetu zina namba ndani yake: unaposema "moja, Jumatatu", ile "tatu" inavuta ulimi upande mwingine, na hapo unapima mgongano wa maneno badala ya gharama ya kubadili kazi. Nikachukua miji ya barabara ambayo karibu sote tumeipita kwa matatu: Nakuru, Salgaa, Kericho, Ahero, Kisumu. Sehemu hiyo ya maandishi ilisomeka hivi:

"Sema kwa sauti: tano, nne, tatu, mbili, moja. Sasa safiri: Nakuru, Salgaa, Kericho, Ahero, Kisumu. Vizuri. Sasa changanya: tano, Nakuru, nne, Salgaa. Malizia mwenyewe."

Kisha nilinyamaza sekunde 15. Kwenye karatasi yangu niliandika kwa herufi kubwa NYAMAZA, maana ukimya mtandaoni unatisha na mdomo hutaka kuujaza.

Kabla ya siku yenyewe nilimjaribia wifi yangu. Zile raundi mbili za kwanza kwa pamoja zilimchukua kama sekunde 6. Raundi ya tatu, yenye maneno kumi yale yale, ilikaribia sekunde 11, na alipofika Ahero alisimama akauliza, "Nilikuwa kwa mbili ama tatu?" Ulinganisho wa haki ni huo: jumla ya raundi mbili za kwanza dhidi ya raundi ya tatu. Ukilinganisha raundi moja peke yake na ile ya mchanganyiko, utakuwa umeikuza tofauti, maana mchanganyiko una maneno mara mbili. Pia mtu asiyeijua barabara hii atachelewa kwa kukumbuka miji, na huko si kubadili kazi. Ndiyo maana msikilizaji husema miji peke yake kwanza.

Baada ya jaribio, ufunguzi unahitaji kitu kimoja cha kutumia usiku huo huo. Nilichagua kimoja tu, kwa sababu anayesikiliza huku akigeuza ugali hawezi kubeba vitatu. Mtafiti Sophie Leroy alionyesha mwaka 2009 kwamba ukiacha kazi haijakwisha ukaingia nyingine, sehemu ya mawazo hubaki kwenye ile ya kwanza, na ile ya pili inaumia. Mwaka 2018, pamoja na Theresa Glomb, alionyesha kwamba kuandika kwa ufupi umefika wapi na utaanzia wapi ukirudi hupunguza mabaki hayo. Kwangu hii ndiyo mbinu inayowafaa watu wa nyumbani kuliko zote, kwa sababu sisi hatuwezi kuzuia kukatizwa: mtoto anaita, jirani anabisha hodi, stima zinapotea. Tunachoweza ni kuacha kazi vizuri.

Nilimtumia mhasibu kama mfano, kwa ruhusa yake. Anaoanisha taarifa ya benki ya mteja na vitabu vyake, mtoto anaita. Kabla ya kusimama anaandika kwenye kijikaratasi: "Nimefika tarehe 14. Malipo ya mbolea hayaonekani benki. Nikirudi, naanza na risiti ya mbolea." Haifiki nusu dakika. Akiandika tu "malizia benki", haimsaidii, kwa sababu atalazimika kuisoma taarifa upya kutoka juu kutafuta alipokwama. Dalili ya kijikaratasi kizuri ni kwamba ukirudi, mkono unakwenda moja kwa moja kwenye kitu kimoja: risiti, ukurasa, jina la faili.

Wanaochelewa nao niliwafikiria. Kwenye webina zetu watu huendelea kuingia dakika kadhaa baada ya kuanza, bando likisumbua au mtandao ukikatika. Kwa hivyo sentensi ya "nimefika wapi, nitaanzia wapi" niliiweka mara mbili, kwa maneno yale yale, mara ya pili mwishoni kabisa mwa ufunguzi. Aliyekuwa ameondoka kidogo kuepua sufuria anaishika hapo bila kuuliza.

Swali la kujibiwa kwenye chat ya webina nalo nililifanya la namba moja tu: "Andika 1 kama mikono yako ina kazi, 2 kama macho yako yana kazi." Hata mwenye unga vidoleni anaweza kugusa namba moja. Majibu hayo yananipa kazi papo hapo: 2 zikiwa nyingi, narudia jaribio polepole kabla ya kuendelea, 1 zikiwa nyingi, naingia kwenye mada.

Kuna kundi moja ambalo mbinu hii haiwafikishi mbali, nami nililitaja wazi: wanaopokea simu za wateja wakiwa nyumbani. Simu ikiita lazima waipokee papo hapo, nusu dakika ya kuandika haipo. Hao niliwaambia waandike kile kijikaratasi mapema, wanapoanza kazi ya pembeni, na wabadilishe neno moja tu kila wanapopiga hatua.